Mwongozo wa Kuagiza Aikoni 12 Zilizoshonwa Sare Moja

Wewe mwenye chapa, kabla hujampigia mbunifu simu, futa kwanza lile agizo uliloliandika jana usiku. Ndiyo, hilohilo: "Tunaomba aikoni 12 za kisasa, safi, rahisi, zenye mvuto na zinazoendana na chapa yetu." Ni agizo la adabu kabisa, ila halina neno hata moja linaloweza kupimwa kwa rula. Mbunifu ataitikia "sawa bosi", atachora kisasa anachokijua yeye, na siku ya kukabidhi mtakaa mezani mkibishana kwa nini nyumba inaonekana nene kuliko simu, na kila mmoja wenu atakuwa na haki.

Kila aliyewahi kuchangia sare ya harusi anajua kinachotokea kitambaa kikigawiwa bila mshono kuelezwa. Kitenge ni kimoja, lakini shangazi wa bwana harusi kashona solo, mdogo wake bibi harusi kashona mgongo wazi, binamu kaongeza lesi, na kwenye picha hakuna anayeamini kwamba kitambaa kilitoka duka moja. Rangi ya chapa ni kitambaa tu. Aikoni zinahitaji mshono ulioandikwa, na mshono huo unaenea ukurasa mmoja wa maandishi ambao wewe na mbunifu mtausaini kabla kalamu haijagusa skrini.

Tuchukue mfano mmoja twende nao hadi mwisho: muuzaji wa gesi ya kupikia jijini Dar es Salaam, mwenye maduka machache na vijana wa bodaboda, anayetaka aplikesheni ya kuagizia mitungi. Biashara yenyewe ni ya mfano, lakini vipimo ni vya kweli na unaweza kuvichukua kama vilivyo. Aikoni zake 12 ni hizi: nyumbani, mtungi, jiko, oda, usafirishaji, anwani, wakala, malipo, risiti, taarifa, msaada na akaunti.

Kazi ya kwanza haihitaji kompyuta. Shika orodha hiyo, na mbele ya kila neno andika kitu kimoja kinachoonekana kwa macho. Mtungi ni mtungi, jiko ni jiko, hapo hakuna ugomvi. Ugomvi uko kwenye oda, malipo na risiti, kwa sababu ukimwachia mbunifu bila neno, zote tatu zitakuwa karatasi yenye mistari. Mteja ataigusa risiti akidhani analipa. Amua mapema: oda iwe ubao wa kuandikia wenye kibanio juu, malipo yawe simu ya mkononi, kwa sababu mteja wa Dar es Salaam analipa kwa simu, na risiti peke yake ndiyo iwe karatasi, yenye ukingo wa chini uliokatwa meno kama inavyotoka kwenye mashine. Nyumbani na wakala nazo ni majengo mawili. Mpe nyumbani paa la pembetatu, mpe wakala turubai lenye mawimbi juu ya dirisha la duka. Usafirishaji ni bodaboda yenye sanduku nyuma, na huyo atatutoa jasho baadaye.

Ukimaliza orodha, soma vitu vyenyewe kwa sauti bila maana zake: nyumba, mtungi, jiko, ubao, pikipiki, alama ya mahali, duka, simu, karatasi, kengele, kiputo cha maneno, mtu. Kama hakuna viwili vinavyofanana kwa umbo la nje, umevuka nusu ya safari. Kama viwili vinafanana, hakuna unene wa mstari utakaoviokoa.

Sasa gridi. Agiza kila aikoni ichorwe ndani ya mraba wa vizio 24 kwa 24. Namba hiyo ina faida ya kukubalika kote: seti maarufu za bure kama Feather, Lucide na Tabler zimechorwa humo, na mwongozo wa Material wa Google nao unatumia 24. Inagawanyika kwa 2, 3, 4, 6 na 8, kwa hiyo katikati ni katikati kweli. Ndani ya mraba huo acha pambizo ya vizio 2 kila upande, ubaki na eneo la kuchora la 20 kwa 20. Pambizo si nafasi ya kupumzikia. Hakuna mstari unaoingia humo.

Hapa ndipo wengi wanapojikwaa kwa kutaka kubana matumizi. Nyumba wanaichukua Material, kengele wanaichukua Lucide, halafu wanamlipa mbunifu achore mtungi na jiko tu, kwa kuwa zile nyingine "zipo mtandaoni bure". Seti zote mbili ni za 24 na mistari yake mara nyingi ni ya 2, kwa hiyo kwa karatasi zinalingana. Kwa macho hazilingani. Lucide inaacha pambizo ya kizio 1 tu, Material inaacha 2, basi kengele inaweza kutoka kubwa kuliko nyumba kwa vizio 2 vizima. Kona nazo zimezungushwa tofauti. Kuchukua seti ya bure ni jambo jema, na kwa biashara nyingi ndogo ndilo jambo sahihi, ilimradi uichukue yote kutoka chanzo kimoja na vile vinavyokosekana vichorwe kwa kanuni za chanzo hichohicho. Lucide imeziandika kanuni zake waziwazi kwa ajili ya wanaotaka kuchangia. Zisome hata kama hutaitumia. Hakuna mfano mzuri zaidi wa agizo linalopimika.

Ukishakuwa na eneo la 20 kwa 20, kishawishi ni kulijaza. Mraba wa 20 kwa 20, duara la upana wa 20, mstatili wa kimo cha 20, vyote viguse ukuta, haki itendeke! Chora uone. Mraba utaonekana mkubwa, duara litaonekana dogo, na bosi atasema "hizi hazilingani" huku rula ikishuhudia kwamba zinalingana. Bosi yuko sahihi. Jicho halipimi upana, linapima eneo. Mraba wa 20 kwa 20 una eneo la 400, duara la upana wa 20 lina eneo la takriban 314. Tofauti hiyo ni zaidi ya moja ya tano.

Ndiyo maana mwongozo wa Material una maumbo manne ya mwongozo, na ninashauri uyanakili kwenye agizo lako bila kubadilisha herufi: duara la 20, mraba wa 18 kwa 18, mstatili wa wima wenye upana wa 16 na kimo cha 20, na mstatili wa mlalo wenye upana wa 20 na kimo cha 16. Piga hesabu uone uzuri wake. Duara ni 314, mraba ni 324, mistatili yote miwili ni 320. Kila umbo linabeba eneo karibu sawa, na jicho linatulia. Halafu gawa vitu vyako 12 kwenye maumbo hayo ndani ya agizo lenyewe: mtungi, simu, karatasi na ubao ni mstatili wa wima, bodaboda na kiputo cha maneno ni mstatili wa mlalo, jiko na duka ni mraba. Nyumba, kengele, alama ya mahali na mtu vina maumbo ya ncha au mabega, hivyo vinaruhusiwa kugusa mwisho wa eneo la 20 mahali pale penye ncha tu. Mbunifu akiipata orodha hii, umemwondolea siku nzima ya kubahatisha.

Unene wa mstari: vizio 2, kila mahali, bila ubaguzi. Usikubali "2 kwa nje na 1 kwa vitu vidogo vya ndani". Mbunifu atakuomba hivyo akifika kwenye vitufe vya jiko, na ukikubali mara moja, seti imekufa, kwa kuwa kila aikoni yenye ndani itakuwa na ruhusa yake. Kitu cha ndani kisichoingia kwa mstari wa 2 hakitakiwi kuwemo. Kati ya mstari na mstari acha nafasi ya angalau vizio 2 vilevile. Kanuni hii ya nafasi ndiyo inayofanya kazi kubwa kuliko zote, kwa sababu inamlazimisha mtu kufuta.

Kwa nini 2 na si 1.5, ambayo inapendeza sana kwenye kompyuta ya mbunifu? Programu nyingi za kuchorea huupanda mstari katikati ya njia yake, nusu huku na nusu kule. Mstari wa 2 unaopita kwenye namba 5 unaanzia 4 na kuishia 6. Kingo zote zimeangukia namba kamili. Mstari wa 1.5 unaopita palepale unaanzia 4.25 na kuishia 5.75. Kwenye skrini yenye pikseli 2 kwa kila kizio, hizo zinakuwa 8.5 na 11.5. Skrini haina nusu pikseli, kwa hiyo inapaka kivuli hafifu pembeni, na mteja anaona mistari yenye ukungu bila kujua kwa nini. Ukiupenda mno ule wembamba, unaweza kuupata kwa kusogeza njia hadi 4.75, mstari ukae kati ya 4 na 5.5, lakini hapo umemtaka mbunifu akumbuke robo kizio kwenye kila mstari wa kila aikoni. Chagua 2 ulale.

Zipo pia simu zenye pikseli 1.5 kwa kila kizio, na kwa hizo hata mstari wa 2 hauna kinga kamili: ukingo ulioko kwenye namba 9 unaangukia 13.5. Dawa yake ni kuhakikisha kingo za nje kabisa za kila aikoni, isipokuwa zile za mraba wa 18 zinazoangukia 3 na 21, zinakaa kwenye namba shufwa, yaani 2, 4, 20 au 22. Umbo la nje likiwa kali, jicho linasamehe ukungu mdogo wa ndani.

Ncha za mistari ziwe za duara, na maungio yawe ya duara. Andika hivyo, kwa sababu programu nyingi zikiachwa zenyewe hukata ncha bapa, na aikoni tatu zilizochorwa Ijumaa jioni zitakuja na ncha bapa. Kwa mistari ya mshazari, taja nyuzi 45, na ikishindikana, nyuzi zinazogawanyika kwa 15. Otl Aicher na wenzake walipochora alama za michezo ya Olimpiki ya Munich ya 1972 walijifunga kwenye wima, mlalo na mshazari wa 45, wakaweza kuonyesha waogeleaji, wapiga upanga na wapanda farasi wote kwa miili ya jamii moja. Kama farasi aliweza, paa la nyumba yako litaweza.

Kona zina mtego wake, na mtego huu hauonekani hadi watu wawili wachore. Ukiandika "kona ya 2", umeandika mambo mawili tofauti. Mbunifu mmoja ataizungusha njia, ule uzi wa katikati, kwa nusu kipenyo cha 2. Mstari ukishapanda juu yake, kona ya nje inakuwa 3 na ya ndani inakuwa 1. Mwingine ataelewa kona ya nje ndiyo iwe 2, hivyo njia ataizungusha kwa 1, na kona ya ndani itakuwa kali kabisa, sifuri. Wote wametii. Weka simu ya yule na karatasi ya huyu pembeni, utaona moja imelegea na nyingine imekakamaa. Basi sema wazi: "kona ya njia ni 2". Ongeza kibali kimoja tu: vitu ambavyo kwa asili vina mabega ya mviringo, kama mtungi, vinaruhusiwa kona ya njia ya 4. Thamani mbili, 2 na 4, hakuna 3 wala 2.5.

Tuuchore mtungi sasa, maana ndio uso wa biashara hii. Tunachora ule mdogo wa kilo 6, mfupi na mpana, wenye kola ya kushikia juu na valvu ndani ya kola. Umbo lake ni mstatili wa wima: nje uanzie 4 hadi 20 kwa upana, na 2 hadi 22 kwa kimo. Kwa kuwa mstari unakula kizio kimoja kila upande wa njia, njia ya mwili inakwenda kutoka 5 hadi 19. Kola tuiweke katikati, njia yake kwenye 8 na 16, na juu yake kwenye 3.

Jaribio la kwanza la kila mtu ni kuanzisha mwili kwenye 8, ili uonekane mrefu. Uwazi wa ndani ya kola unabaki na upana wa 6 na kimo cha 3. Valvu ni mstari mmoja wa wima kwenye 12. Kwa upana inaingia kama imeazimwa kipimo: uwazi ni kuanzia 9 hadi 15, valvu inachukua 11 hadi 13, nafasi ya 2 kushoto, nafasi ya 2 kulia. Kwa kimo haingii. Ukiacha vizio 2 chini ya kola, valvu inachungulia kizio kimoja tu juu ya mwili, na inafanana na uchafu kwenye kioo cha simu. Hapo wengi huivunja kanuni ya nafasi. Usiivunje, shusha mwili. Njia ya mwili ikianzia 10 badala ya 8, uwazi unapata kimo cha 5, valvu inasimama vizio 3 na juu yake zinabaki 2 kamili. Na kwa kuwa mwili umefupika, umefanana zaidi na mtungi wa kilo 6. Gridi haitoi zawadi kama hiyo kila siku, hivyo ipokee.

```
<svg xmlns="http://www.w3.org/2000/svg" viewBox="0 0 24 24" fill="none" stroke="currentColor"
     stroke-width="2" stroke-linecap="round" stroke-linejoin="round">
  <rect x="5" y="10" width="14" height="11" rx="4"/>
  <path d="M8 10V5a2 2 0 0 1 2-2h4a2 2 0 0 1 2 2v5"/>
  <path d="M12 10V7"/>
</svg>
```

Hata kama hujawahi kuandika msimbo, unaweza kuukagua huu. Unene ni 2, ncha na maungio ni `round`, kona ya mwili ni `rx="4"`, kona za kola ni zile 2 2. Neno `currentColor` lina maana kwamba aikoni itachukua rangi ya maandishi yaliyo jirani yake, kwa hiyo ukibadilisha rangi ya chapa mwakani hutachora upya chochote. Kile kiguu cha chini cha mtungi hakimo, kwa kuwa kingehitaji nafasi ya 2 na mstari wa 2, na mwili ungebaki na kimo cha vizio 9 tu badala ya 13. Nembo ya kampuni haimo, na usiiombe.

Bodaboda ni shughuli pevu. Mstatili wa mlalo unatupa upana wa 20. Magurudumu mawili yenye nusu kipenyo cha njia cha 3 yanachukua vizio 8 kila moja kwa nje, jumla 16. Katikati yanabaki manne. Ukiondoa nafasi ya 2 kila upande, injini imepewa sifuri. Hapo ndipo mazungumzo haya hutokea kwenye ofisi nyingi:

"Dada, mbona pikipiki haina injini?"

"Haikuingia, bosi. Imebaki fremu, usukani na sanduku."

"Na dereva je? Vijana wetu wanavaa viakisi mwanga, ingependeza vionekane."

"Bosi, kichwa cha dereva peke yake ni duara la vizio 6. Nikimweka, sanduku linatoka."

"Basi sanduku litoke."

"Likitoka, hiyo ni bodaboda ya abiria. Mteja atadhani tunamfuata yeye, si kumpelekea gesi."

Msikilize dada. Swali la kuuliza kila kitu kinapogombea nafasi ni hili: kikiondoka, maana inabadilika? Injini ikiondoka, pikipiki inabaki pikipiki. Dereva akiondoka, nayo inabaki. Sanduku likiondoka, biashara imebadilika. Kwa hiyo sanduku lina kiti chake cha kudumu juu ya gurudumu la nyuma: nje upana wa 8, kimo cha 6, likiacha vizio 2 kati yake na gurudumu. Mstari mmoja unaunganisha, mwingine unapanda kuwa usukani, na kazi imekwisha. Ukiona pikipiki hiyo ni tupu kuliko unavyotaka, itazame pembeni mwa mtungi, si peke yake. Mtungi una mistari michache. Pikipiki yenye injini, cheni, taa na dereva ingekuwa doa jeusi katikati ya seti.

Rangi nitaipitia haraka. Kama chapa yako ni ya njano, usiiweke njano hiyo kwenye mistari juu ya nyeupe. Mwongozo wa ufikivu wa WCAG 2.1 unataka michoro yenye maana itofautiane na usuli wake kwa angalau 3 kwa 1, na njano ya kawaida juu ya nyeupe haifiki hata 2 kwa 1. Mistari iwe ya rangi nzito. Njano ikae kwenye vitufe.

Hali za aikoni zina mtego unaogunduliwa siku ya uzinduzi. Aikoni iliyochaguliwa kwenye upau wa chini, agiza mwili wake ujazwe rangi huku umbo la nje likibaki vilevile, na mistari ya ndani igeuke kuwa mikato myeupe ya unene wa 2. Aikoni iliyozimwa ndiyo yenye balaa. Msanidi ataifanya hafifu kwa kuipa mstari rangi inayopenya mwanga. Angalia mtungi: kola ni njia moja, mwili ni nyingine, na zinapopandana rangi inajumlishwa mara mbili. Yatatokea madoa matatu meusi, mawili miguuni mwa kola na moja chini ya valvu. Dawa ni kuandika kwamba ufifishaji uwekwe kwenye aikoni nzima, kwa `opacity` ya `svg` yenyewe, na rangi ya mstari ibaki kamili. Sentensi moja kwenye agizo, na simu za saa sita usiku zinapungua.

Ukubwa nao uamuliwe leo. Aikoni ya 24 ikipunguzwa hadi 16, mstari wake unakuwa 1.33 na nafasi ya valvu inakuwa 1.33, yote ukungu. Ikikuzwa hadi 48, mstari unakuwa 4, na mtungi unaonekana umechorwa kwa makaa. Kwa hiyo kataza 16 kabisa, na kama una ukurasa unaohitaji picha kubwa, agiza aikoni hizo chache zichorwe upya kwenye gridi ya 48 kwa mstari wa 3. Huko valvu inaweza kupata kishikio chake na pikipiki ikapata taa. Usichanganye hilo na eneo la kugusa: kidole kinahitaji vizio 48 kwenye Android na 44 kwenye vifaa vya Apple, na hayo ni mawanda ya kitufe yasiyoonekana kuzunguka aikoni ya 24. Msanidi asikuze mchoro ili kidole kipate nafasi.

Sasa ukurasa wako unaweza kusomeka hivi, na huu unaweza kuunakili: "Aikoni 12 za mistari, gridi ya 24 kwa 24, pambizo 2. Maumbo ya mwongozo: duara 20, mraba 18, mistatili 16 kwa 20. Mstari 2, uliopandwa katikati ya njia, hakuna unene mwingine. Ncha na maungio ya duara. Kona ya njia 2, au 4 kwa vitu vya mviringo. Nafasi kati ya mistari angalau 2. Mshazari nyuzi 45, au zinazogawanyika kwa 15. Kingo za nje kwenye namba shufwa, isipokuwa za mraba. Rangi `currentColor`. Hali tatu: kawaida, iliyochaguliwa, iliyozimwa kwa `opacity` ya aikoni nzima. Faili za SVG zenye mistari hai." Chini yake weka jedwali la vitu 12 na umbo la kila kimoja.

Hiyo "mistari hai" uipigie mstari kwa kalamu nyekundu. Wabunifu wengi, kwa nia njema, kabla ya kukabidhi hugeuza mistari kuwa maumbo yaliyojazwa, ili ionekane sawa kila mahali. Ikishageuzwa, mtungi si njia yenye unene wa 2 tena. Ni donge lenye tundu, na mwakani ukitaka kitu cha 13 hutakuwa na cha kupimia. Mfumo wa fonti za aikoni unahitaji maumbo yaliyojazwa, hivyo kama msanidi wako anautumia, pokea faili za aina zote mbili kwenye mafolda mawili. Majina ya faili yafuate kitu kinachoonekana, si kazi yake: `mtungi.svg`, `ubao.svg`, `simu.svg`. Kazi ya simu inaweza kuhama kutoka malipo kwenda mawasiliano, lakini simu itabaki simu.

Siku ya kupokea, usikubali kuonyeshwa aikoni moja moja ikiwa imejaza skrini ya kompyuta. Kila kitu kinapendeza kikiwa kikubwa. Omba zote 12 ziwekwe kwenye mstari mmoja, kwa ukubwa wa 24, kwenye simu ya bei ya kawaida, na uishike kwa urefu wa mkono. Fumba macho nusu. Ikiwepo inayojitokeza nyeusi kuliko nyingine, ina mistari mingi. Ikiwepo inayotoweka, umbo lake ni dogo au limesogea. Kisha fungua faili tatu kwa kihariri cha maandishi na utafute `stroke-width`. Ukikuta `1.9` au `2.13`, kuna mtu aliyeivuta aikoni kwa kona badala ya kuichora, na inarudi ilikotoka hata kama macho yako hayajaliona kosa. Mwisho ondoa majina chini ya aikoni, mpe simu mama lishe wa jirani anayenunua gesi kila wiki, na umuulize kila kimoja ni nini. Akisema ubao wa oda ni kitanda, usimweleze. Andika "kitanda", mpelekee mbunifu, na malipo ya mwisho yasubiri hadi kibanio kionekane.